60 fps Haitaokoa Mpira Wako

Wasee, hii posti itakasirisha watu kadhaa na ni sawa tu. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho.

Wiki mbili zimepita tangu binamu yangu wa Free Area achukue simu mpya, ile ya kulipa kidogo kidogo. Shilingi 150 kila siku, mwaka mzima. Piga hesabu: ni shilingi 54,750. Huyu ni msee anaosha magari wikendi ndio apate bando. Na simu yake ya zamani haikuwa imeharibika. Ilikuwa inapiga, inapokea, inashika mtandao, kila kitu.

Sasa mbona akanunua? Juu ya mpira.

Kuna wasee wanaandaa mashindano ya mtaani, wakamwambia awatengenezee animesheni ya sekunde mbili ya kufungua video zao. Mpira unaanguka, unadunda mara tatu, unatulia kando ya jina la mashindano. Wangemlipa 3,000. Akaitengeneza usiku mzima, akawatumia. Jibu likarudi kwa sauti, na kicheko ndani: "Buda, huu ni mpira ama ni baluni?"

Akaumia. Akaipeleka kwa grupu moja ya watu wa kuedit, akauliza shida iko wapi. Wakamjibu kwa pamoja kama kwaya: "fps yako iko chini. Hamia 60." Simu ya zamani ikijaribu 60 ilikuwa inakwama na kupata moto. Basi akaenda dukani.

Akatengeneza tena, 60 fps, kwa simu mpya. Mpira ukabaki baluni. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa baluni laini zaidi.

Ndio maana naandika hii. Huo ushauri wa "ongeza fps" ndio ushauri mbaya kuliko yote unaoweza kumpa mtu anayeanza, na unatolewa na watu ambao hawajawahi kufungua grafu ya mwendo hata siku moja. Fremu nyingi haziwezi kurekebisha mwendo mbaya. Zinauonyesha tu vizuri zaidi. Na kuna watu wanalipa pesa ya kweli kwa sababu ya hiyo komenti ya maneno mawili.

Twende pole pole. Vitu ni vitatu tu, na ukivielewa hakuna apu itakusumbua, iwe ya simu ama ya kompyuta.

Kwanza, fremu na kasi yake

Video ni picha zilizosimama zinazopitishwa haraka mbele ya macho. Kila picha moja ni fremu. Kasi ya fremu ni idadi ya hizo picha kwa sekunde moja, na kwenye skrini inaandikwa fps. Ukiona 24 fps, maana yake sekunde moja ina picha 24. Ni hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Kwa hivyo kasi ya fremu inajibu swali moja pekee: macho yataona picha mara ngapi kwa sekunde? Haijui mpira uko wapi. Haijui mpira ni mzito ama ni mwepesi. Ni kama rula. Rula ya milimita inapima vizuri kuliko rula ya sentimita, lakini kama meza yako imepinda, rula mpya haitainyoosha.

Sinema zimekaa kwa 24 kwa miaka mingi sana. Na ngoja nikuambie kitu ambacho watu wa 60 hawakuambiagi: katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono zilikuwa na michoro 12 tu kwa sekunde, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Filamu ya `Spider-Man: Into the Spider-Verse` ya 2018 ilifanya hivyo makusudi. Miles, akiwa bado hajazoea nguvu zake, anasogezwa kila fremu ya pili, na kando yake Peter anasogezwa kila fremu. Kwa hivyo Miles anaonekana anakwaruza kidogo, kama mtu anayejifunza. Hiyo filamu ilishinda Oska. Michoro 12 kwa sekunde. Na wewe unaambiwa 24 ni aibu.

Pili, fremu kuu

Kwenye apu yako utaona alama ndogo ya almasi, na neno `Keyframe`. Mimi hapa naiita fremu kuu.

Fikiria umepanda mathree ya Nakuru kwenda Naivasha na mathe anataka kujua safari inaendaje. Unamtumia meseji tatu. "Saa mbili kamili, niko stage Nakuru." "Saa mbili na dakika arobaini, niko Gilgil." "Saa tatu na nusu, nimefika Naivasha." Hizo meseji tatu ndizo fremu kuu. Kila moja ina vitu viwili: saa ngapi, na uko wapi. Hukumwambia chochote kuhusu katikati.

Animesheni ni hivyo hivyo. Unasimama kwenye fremu ya 0, unaweka mpira juu, unabonyeza almasi. Unasonga hadi fremu ya 12, unaweka mpira chini, unabonyeza almasi tena. Umetuma meseji mbili. Fremu ya 1 hadi ya 11 hujazigusa. Mashine itazijaza yenyewe.

Kosa la kwanza la watu wanaoanza ni kuogopa hiyo nafasi tupu. Wanaweka almasi kila baada ya fremu mbili, alafu mpira unatetemeka kama nduthi kwenye matuta, hawajui ni wapi pa kurekebisha. Fremu kuu zinawekwa pale ambapo kitu kinabadilika: mpira ukiwa juu kabisa, mpira ukigusa ardhi. Ukiongeza nyingine, uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Tatu, kujaza katikati

Hapa ndipo mpira wa binamu yangu ulipofia.

Hiyo kazi ya mashine kujaza fremu za katikati inaitwa intapolesheni. Ni kukisia. Rudi kwa mathe. Amepata meseji yako ya Nakuru na ya Gilgil, na anajaribu kukisia ulikuwa wapi saa mbili na dakika ishirini. Akisema "basi alikuwa katikati kabisa ya njia", amekisia kwa mstari ulionyooka. Ni jibu la busara kwa mtu asiyejua kitu. Lakini wewe uliyekuwa ndani unajua kwamba gari ilisimama kubeba watu Lanet, alafu dereva akakanyaga kufidia. Muda ulikuwa nusu, njia haikuwa nusu.

Mashine inakisia kwa njia tatu ambazo utakutana nazo kila mahali, hata kama majina yanabadilika kidogo.

Ya kwanza kwenye skrini inaitwa `Linear`. Kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, mstari umenyooka. After Effects inakupa hii kama hujachagua kitu. Inafaa kwa kitu kama mkono wa saa ama maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari.

Ya pili ni `Ease` ama `Bezier`. Kitu kinaanza polepole, kinachukua kasi katikati, kinapunguza kabla ya kufika. Blender inakupa hii bila kuuliza. Inafaa mathree inayotoka stage moja na kusimama nyingine, ama mkono unaoinuka kusalimia mtu.

Ya tatu ni `Hold`, ama `Constant` kwa Blender. Hakuna kujaza kabisa. Kitu kinakaa pale pale hadi almasi inayofuata, alafu kinaruka. Inafaa macho yanayopepesa ama taa ya kuwaka na kuzima.

Angalia vizuri basi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanana na mpira unaoanguka. Mpira ukiuachilia unaanza polepole, unaongeza kasi njia yote, na unapogusa ardhi ndio uko na kasi kuliko wakati wote. Haupunguzi mwendo ukikaribia chini. Unapiga.

Sasa, apu ya binamu yangu ilikuwa imeweka `Ease` pande zote mbili, yenyewe. Kwa hivyo mpira wake ulikuwa unapunguza kasi kabla ya kugusa nyasi. Ni kitu gani duniani kinaanguka kikipunguza kasi kabla ya kufika chini? Baluni. Wale wasee wa mashindano hawakuwa wanamdharau. Walisoma mwendo sawasawa kabisa. Macho ya mtu yeyote aliyecheza mpira yanajua uzito, hata kama mdomo hauna jina la kuuita.

Mpira mmoja, fremu kwa fremu

Tufanye mpira wenyewe. Weka mradi wako kwa 24 fps. Mpira uko sentimita 120 juu ya ardhi, kama usawa wa kifua.

Kitu kikiachiliwa kutoka sentimita 120 kinachukua nusu sekunde hivi kufika chini. Nusu sekunde kwa 24 fps ni fremu 12. Kwa hivyo fremu ya 0 mpira uko juu, fremu ya 12 mpira uko chini.

Ukitumia `Linear`, kila fremu mpira unashuka sentimita 10. Kumi, kumi, kumi, hadi mwisho. Ni lifti, si mpira.

Uzito wa dunia unafanya kazi tofauti. Ukipita nusu ya muda, mpira umeshuka robo ya njia tu. Ile robo tatu iliyobaki inaliwa na nusu ya pili ya muda. Kwa fremu zetu inakaa hivi:

Fremu ya 0, mpira uko 120.
Fremu ya 3, uko 112.5.
Fremu ya 6, uko 90.
Fremu ya 9, uko 52.5.
Fremu ya 12, uko 0.

Ona fremu tatu za kwanza: mpira umeshuka sentimita saba na nusu pekee. Fremu tatu za mwisho: umeshuka zaidi ya hamsini. Hiyo tofauti ndiyo uzito. Haijatoka kwa simu, haijatoka kwa fps. Imetoka kwa nafasi kati ya picha moja na nyingine.

Kama apu yako ina grafu, huhitaji hata kuandika hizo namba. Vuta mstari uwe umelala pale juu na mkali pale chini. Kwenye Blender, chagua almasi zako zote, bonyeza T, chagua `Quadratic`. Kisha kwa almasi za juu bonyeza Ctrl na E, chagua `Ease In`. Kwa almasi za ardhini chagua `Ease Out`, kwa sababu mpira ukipanda unaanza kwa kasi na kuchoka ukielekea juu.

Lakini chunga, hayo majina yanadanganya. Kwa Blender, `Ease In` ni mwendo unaoanza polepole. Kwa After Effects, `Easy Ease In` inapunguza kasi kitu kikiwa kinaingia kwenye almasi, yaani kinyume kabisa. Ukifuata video ya apu moja ukiwa kwa apu nyingine, utapata mwendo umegeuka na utajiona mjinga bure. Usiamini jina. Angalia grafu: mstari ukiwa umelala, kitu kinaenda polepole. Ukiwa mkali, kinaenda kwa kasi. Hiyo haibadiliki apu yoyote.

Na kama apu yako ya simu haina grafu kabisa? Hapo ndio wanakuuzia simu mpya. Usinunue. Weka almasi tano kwa zile namba nimeandika hapo juu, fremu ya 0, 3, 6, 9 na 12, na uache `Linear`. Vipande vinne vya mstari ulionyooka, kila kimoja kikiwa kikali kuliko kilichotangulia, vinakaribia mkunjo wa kweli kiasi kwamba kwa nusu sekunde macho hayatajua. Hizo ni almasi zenye sababu.

Kosa la pili, ambalo hakuna aliyeliona

Mpira wa binamu yangu ulikuwa na shida nyingine. Kila mdundo ulikuwa unachukua muda ule ule. Fremu 12 kushuka, fremu 12 kupanda hadi nusu, fremu 12 kushuka tena. Yaani mpira unaenda nusu ya njia kwa muda ule ule. Unakaa hewani kama unafikiria maisha.

Mdundo mfupi huchukua muda mfupi. Tuseme kila mdundo unafika nusu ya ule uliotangulia. Kutoka 60 mpira hushuka kwa fremu 8 hivi. Kutoka 30, fremu 6. Kutoka 15, fremu 4. Kupanda na kushuka ni muda sawa. Basi ratiba nzima ni hii:

Fremu 0: juu, 120.
Fremu 12: ardhi.
Fremu 20: juu, 60.
Fremu 28: ardhi.
Fremu 34: juu, 30.
Fremu 40: ardhi.
Fremu 44: juu, 15.
Fremu 48: ardhi, umetulia.

Fremu ya 48 kwa 24 fps ni sekunde mbili kamili. Ndiyo ile kazi aliyopewa. Almasi nane. Kuna fremu 41 nyingine kwenye hiyo video ambazo hakuna mtu alizigusa, na zote zitakaa poa kwa sababu hizo nane ziko mahali pake na mistari kati yake ina umbo linalofaa. Ukisikiza midundo kwa sikio, ta, ta, ta, inakaribiana, vile mpira wa kweli hufanya kwenye sementi.

Unataka kujua kama umepatia bila kuuliza grupu? Washa `Onion Skin` kama apu yako iko nayo. Kama haina, weka karatasi nyepesi juu ya skrini, pita fremu moja moja, na utie nukta mahali mpira ulipo. Nukta zikibanana juu na kuachana chini, umepatia. Zikiwa sawa sawa, una lifti. Zikibanana juu na zikibanana tena chini, una baluni. Jaribio lote ni dakika mbili na kalamu.

Sasa turudi kwa watu wa 60

Chukua ule mpira mbovu wa `Linear`, uupeleke 60 fps. Nusu sekunde sasa ina fremu 30. Mpira unashuka sentimita 4 kila fremu. Nne, nne, nne, hadi mwisho. Bado ni lifti. Umeongeza picha za lifti.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Apu zingine kama Blender zinakumbuka almasi kwa namba ya fremu. Ukibadilisha mradi kutoka 24 hadi 60 katikati ya kazi, almasi yako ya fremu ya 12 inabaki fremu ya 12. Lakini fremu 12 kwa 60 fps ni sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa muda huo kitu cha kweli huanguka sentimita 20 tu. Kwa hivyo macho yanaona kitu kidogo kinachoanguka kutoka karibu. Mpira wa Afraha umekuwa gololi. Hujagusa mpira, umegusa fps tu, na umebadilisha ukubwa wake machoni pa mtu. Apu zingine zinakumbuka almasi kwa sekunde, hizo kasi haibadiliki, lakini almasi zinaweza kuangukia katikati ya fremu mbili, na ile picha ya mpira ukigusa ardhi isionekane kabisa. Mpira unageukia hewani.

Ndiyo maana fps inachaguliwa siku ya kwanza, kabla ya almasi ya kwanza, na haiguswi tena.

Na gharama je? Tuseme kompyuta yako inachukua sekunde 10 kutengeneza kila fremu. Video ya sekunde 10 kwa 24 fps ni fremu 240, yaani dakika 40. Kwa 60 fps ni fremu 600, yaani saa moja na dakika 40. Wewe na mimi tunajua stima ikiamua kwenda inaenda. Hiyo saa ya ziada si namba tu.

Najua mtasema nini. "Lakini 60 inaonekana laini." Ndiyo, inaonekana. Kwa gemu ni muhimu sana, kwa sababu unabonyeza na unangoja jibu la kidole chako. Kitu kikipita skrini nzima kwa kasi, ama kamera ikizunguka haraka, 24 inaweza kukwaruza na 60 itasaidia. Sijakataa hiyo. Nachokataa ni kuambia mtu wa animesheni ya kwanza kwamba hapo ndipo shida yake iko, wakati hamjafungua hata mstari wake mmoja kuuangalia. Ni kama mtu anakuja na gari inavuta kushoto, unamwambia apake rangi mpya.

Mnataka kuchagua fps bila drama? Animesheni peke yake, chukua 24. Kama utaiweka juu ya video uliyopiga kwa simu, angalia simu ilipiga ngapi, mara nyingi ni 30, na ufanye animesheni kwa hiyo hiyo. Ukilazimisha 24 iingie kwa 30, mashine inarudia picha moja baada ya kila nne, na kitu kikipita polepole utaona kinasita sita. Na siku stesheni ya TV itakupigia, uliza kwanza, kwa sababu Kenya tulirithi mfumo wa TV wa fremu 25 kwa sekunde, na wanaweza kuitaka hivyo.

Mwisho wa hadithi. Jumapili tulikaa na binamu yangu, tukafungua ule mradi kwa simu yake ya zamani, ile iliyosemekana haifai. Tukarudisha 24. Tukaweka zile fremu nane, na pale apu ilipokataa grafu tukaongeza almasi za katikati kwa mkono. Ilichukua saa moja na chai mbili. Wale wasee walijibu kwa neno moja: "Hapo." Pesa ikaingia, 3,000.

Hiyo inalipa simu mpya kwa siku 20. Zimebaki 345.

Kwa hivyo mkiona mtu ameposti animesheni yake ya kwanza na inaelea, kabla hamjaandika "ongeza fps", mwulizeni swali moja: kati ya almasi zako mbili, mstari una umbo gani? Kama hamjui maana ya hilo swali, basi hamna ushauri wa kutoa. Wachieni hiyo komenti.